Kuthibitisha kwamba (1 + 1/n)^n una kikomo: njia tatu, uchague ipi?

Theoremu inayotumika hapa ni moja tu: mfuatano wa namba halisi ambao unapanda bila kushuka, na ambao kuna namba fulani hauivuki kamwe, lazima uwe na kikomo. Kwa hiyo mwenye mfuatano a_n = (1 + 1/n)^n ana kazi mbili. Kwanza aonyeshe kwamba a_n ni ndogo kuliko a_(n+1) kwa kila n. Pili ataje namba moja isiyobadilika, tuseme 3 au 4, na aonyeshe kwamba hakuna a_n inayoifikia.

Kazi zote mbili zina ugumu wake, kwa sababu kila n inapoongezeka mambo mawili yanavutana. Namba iliyo ndani ya mabano, 1 + 1/n, inashuka kuelekea 1. Kipeo chake n kinapanda bila mwisho. Anayetazama mabano peke yake atasema jibu ni 1, kwani 1 kwa kipeo chochote ni 1. Anayetazama kipeo peke yake atasema mfuatano unakua bila kikomo, kwani namba yoyote inayozidi 1 ikizidishwa kwa yenyewe mara nyingi vya kutosha hukua bila mwisho. Wote wawili wamekosea kwa namna moja: wamesimamisha kitu kimoja huku wakiacha kingine kiende. Hesabu zenyewe zinaonyesha hivi: a_1 = 2, a_2 = 2.25, a_3 ni kama 2.3704, a_4 = 2.44140625, a_5 = 2.48832, a_10 ni kama 2.5937, a_100 ni kama 2.7048. Inapanda, lakini kwa hatua zinazozidi kuwa fupi.

Jacob Bernoulli alilikuta jambo hili mwaka 1683 akichunguza riba inayotozwa juu ya riba: deni la 1 lenye riba ya asilimia 100 kwa mwaka, ukigawa mwaka vipande vingi zaidi na kutoza riba katika kila kipande, mwisho wa mwaka linafika wapi? Alionyesha kwamba haliendi mbali bila mwisho, bali linabaki kati ya 2 na 3. Baadaye Leonhard Euler akakipa kikomo hicho herufi e.

Kabla ya kulinganisha njia, niondoe moja ambayo wanafunzi wengi huikimbilia. Unachukua logi asilia ya a_n, unapata n ln(1 + 1/n), unatumia kanuni ya kutafuta kikomo kwa kunyambulisha, unapata 1, kisha unasema kikomo ni e. Kama somo lako limeshajenga logi kwa njia nyingine, kwa mfano kama eneo chini ya mchirizi wa 1/x, hakuna kosa. Lakini katika madarasa mengi a_n ndio mlango wenyewe wa kuingiza e, na logi asilia inakuja baadaye ikiwa na e kama kizio chake. Hapo umetumia kitu kabla hakijazaliwa. Swali linaposema "tumia mfuatano unaopanda wenye mpaka wa juu", ndiyo sababu.

Zinabaki njia tatu halali: ya kupanua mabano kwa binomia, ya kanuni ya Bernoulli, na ya wastani. Zote zinafika. Tofauti yake ni unachotakiwa kuwa nacho mkononi kabla ya kuanza, na unachoondoka nacho.

Njia ya binomia

Panua (1 + 1/n)^n. Kipande cha nafasi ya k ni idadi ya namna za kuchagua vitu k kati ya n, kugawa kwa n^k. Ukikiandika vizuri kinakuwa:

(1/k!) × (1 − 1/n) × (1 − 2/n) × … × (1 − (k−1)/n)

Hapa ndipo uzuri wa njia hii ulipo. Ukiongeza n, kila 1/n, 2/n na kuendelea kinapungua, kwa hiyo kila mabano yanaongezeka, kwa hiyo kipande chote kinaongezeka. Juu ya hayo, upanuzi wa a_(n+1) una kipande kimoja zaidi mwishoni, nacho ni chanya. Tutazame n = 4 na n = 5 kwa macho.

a_4 = 1 + 1 + 0.375 + 0.0625 + 0.00390625

a_5 = 1 + 1 + 0.4 + 0.08 + 0.008 + 0.00032

Linganisha kipande kwa kipande: viwili vya kwanza havibadiliki, 0.375 imekuwa 0.4, 0.0625 imekuwa 0.08, 0.0039 imekuwa 0.008, na 0.00032 ni mgeni aliyeongezeka. Jumla ya juu ni 2.44140625, ya chini ni 2.48832. Sijui njia nyingine inayomwonyesha mwanafunzi kwa nini mfuatano unapanda kwa uwazi wa namna hii. Nyingine zinakushurutisha ukubali. Hii inakuonyesha kila sehemu ikikua mahali pake.

Mpaka wa juu nao unatoka humo humo. Mabano yote ni madogo kuliko 1, au sawa na 1 pale yasipokuwepo, kwa hiyo a_n haizidi 1 + 1 + 1/2! + 1/3! + … + 1/n!. Kisha tumia kwamba k! haipungui 2^(k−1), kwa kuwa k! ni zao la 2, 3, 4 hadi k, namba k − 1 ambazo kila moja ni 2 au zaidi. Jumla inakuwa chini ya 1 + (1 + 1/2 + 1/4 + 1/8 + …), na hiyo ni 1 + 2 = 3.

Makosa ya njia hii yako mawili. La kwanza ni dogo: kuandika k! > 2^k. Si kweli kwa k = 3, kwani 6 ni ndogo kuliko 8. Kipeo sahihi ni k − 1. La pili ni zito. Mwanafunzi anasema: n ikienda mbali, kila mabano yanaelekea 1, basi kila kipande kinaelekea 1/k!, basi jumla inaelekea jumla ya 1/k! zote, tumemaliza. Hitimisho ni la kweli lakini hoja haishiki, kwa sababu idadi ya vipande nayo inaongezeka pamoja na n. Ukijumlisha vipande n ambavyo kila kimoja ni 1/n, kila kipande kinaelekea 0 lakini jumla inabaki 1 daima. Anayetaka kufika kwenye jumla ya 1/k! kihalali lazima asimamishe idadi ya vipande kwanza. Chagua m, chukua n kubwa kuliko m, utupe vipande vyote baada ya cha nafasi ya m. Kilichobaki hakizidi a_n, na kwa kuwa sasa idadi yake haibadiliki, unaruhusiwa kuipeleka n mbali. Unapata kwamba kikomo cha a_n hakipungui 1 + 1 + 1/2! + … + 1/m!, kwa kila m. Upande wa pili tumeshaupata: a_n haizidi jumla hiyo hiyo ikifika n. Pande mbili zinakutana.

Njia ya kanuni ya Bernoulli

Kanuni hii inasema (1 + x)^m ≥ 1 + mx, ikiwa m ni namba asilia na x haipungui −1. Uthibitisho wake ni mstari mmoja wa induksheni: ikiwa ni kweli kwa m, zidisha pande zote kwa (1 + x), utapata upande wa kulia 1 + (m + 1)x + mx², na mx² si hasi. Sharti kwamba x haipungui −1 linahitajika hapo kwenye kuzidisha, kwani ukizidisha kwa namba hasi alama inageuka.

Sasa chukua uwiano wa a_n kwa a_(n−1), n ikianzia 2. Mabano ya a_n ni (n + 1)/n, na ya a_(n−1) ni n/(n − 1). Ili vipeo vilingane, a_(n−1) iandike kama [n/(n − 1)]^n ikigawanywa kwa n/(n − 1). Uwiano unakuwa:

[(n + 1)(n − 1)/n²]^n × n/(n − 1) = (1 − 1/n²)^n × n/(n − 1)

Weka x = −1/n² na m = n kwenye kanuni. Mabano yenye kipeo hayapungui 1 − n/n², yaani 1 − 1/n, yaani (n − 1)/n. Ukizidisha kwa n/(n − 1) unapata 1 kamili. Kwa hiyo uwiano haupungui 1, na mfuatano haushuki. Kwa n = 5 uwiano halisi ni 0.96^5 × 1.25, yaani kama 1.0192. Kanuni imeiangusha 0.96^5, ambayo ni kama 0.8154, hadi 0.8, na 0.8 × 1.25 ni 1 barabara. Hakuna kilichopotea zaidi ya kilichohitajika.

Wengi wanaishia hapo, kisha wanakwenda kuazima mpaka wa juu kutoka kwenye binomia. Inakubalika, lakini ni kuiacha njia hii katikati. Kilicho bora ni kumleta mwenzake a_n, yaani b_n = (1 + 1/n)^(n+1), na kuonyesha kwamba yeye anashuka. Uwiano wa b_(n−1) kwa b_n, ukipangwa vivyo hivyo, ni:

[1 + 1/(n² − 1)]^n × n/(n + 1)

Kanuni ya Bernoulli inasema mabano yenye kipeo hayapungui 1 + n/(n² − 1). Hiyo inazidi 1 + n/n², yaani (n + 1)/n. Zidisha kwa n/(n + 1), unapata namba inayozidi 1. Basi b_(n−1) > b_n.

Sasa una mifuatano miwili. Mmoja unapanda, mwingine unashuka, na a_n daima iko chini ya b_n kwa sababu b_n ni a_n ikizidishwa na 1 + 1/n. Hizi ni hatua chache za kwanza, zikiwa zimekadiriwa kwa desimali nne:

| n | a_n | b_n |
|---|---|---|
| 1 | 2.0000 | 4.0000 |
| 2 | 2.2500 | 3.3750 |
| 3 | 2.3704 | 3.1605 |
| 4 | 2.4414 | 3.0518 |
| 5 | 2.4883 | 2.9860 |
| 10 | 2.5937 | 2.8531 |

Hapa pana kosa moja ambalo hata waliobobea kwenye algebra hulifanya. Wanaandika "a_n < b_n, kwa hiyo a_n ina mpaka wa juu". Haitoshi. b_n inabadilika na n, na mpaka wa juu lazima uwe namba moja kwa n zote. Kwa mantiki hiyo hiyo ungeweza kusema n < n + 1, kwa hiyo namba asilia zina mpaka. Kinachoukamilisha uthibitisho ni kwamba b_n inashuka: a_n < b_n ≤ b_1 = 4. Maneno hayo machache, "na b_n ≤ b_1", ndiyo yanayotofautisha uthibitisho na dhana.

Anayetaka 3 badala ya 4 hahitaji kazi mpya. Asome mstari wa tano wa jedwali: b_5 = 1.2^6 = 2.985984. Kwa n kuanzia 5, a_n < b_n ≤ b_5. Kwa n ndogo kuliko 5, a_n < a_5 < b_5. Basi zote ziko chini ya 2.985984.

Njia ya wastani

Hii inategemea kwamba wastani wa kawaida wa namba chanya haupungui wastani wa jometri, na kwamba unauzidi kabisa iwapo namba hizo si sawa zote. Chukua namba n + 1: n kati yake ni 1 + 1/n, na moja ni 1. Jumla yake ni n + 1 + 1 = n + 2. Wastani wa kawaida ni (n + 2)/(n + 1), yaani 1 + 1/(n + 1). Zao la namba hizo ni a_n. Wastani wa jometri ni kipeuo cha (n + 1) cha a_n, nao uko chini ya 1 + 1/(n + 1). Pandisha pande zote kwa kipeo n + 1:

a_n < (1 + 1/(n + 1))^(n+1) = a_(n+1)

Imekwisha. Hakuna uwiano, hakuna induksheni, hakuna n kuanzia 2. Ile namba 1 ya ziada ndiyo ufunguo wote, na mtu akishaiona haisahau.

Mpaka wa juu unapatikana kwa kuongeza namba nyingine. Chukua tena n zilizo 1 + 1/n, jumla yake n + 1, kisha ongeza mbili zilizo 1/2, jumla yake 1. Sasa una namba n + 2 zenye jumla n + 2. Wastani wake ni 1 kamili. Zao lake, a_n × 1/4, liko chini ya 1. Basi a_n < 4.

Na tukiendelea kidogo tunapata kitu ambacho vitabu vingi vya kufundishia vinakipita bila kukitaja. Badala ya nusu mbili, ongeza namba k + 1 ambazo kila moja ni k/(k + 1). Jumla yake ni k. Ukiunganisha na zile n, una namba n + k + 1 zenye jumla n + k + 1. Wastani ni 1 tena. Zao liko chini ya 1, kwa hiyo a_n iko chini ya [(k + 1)/k]^(k+1), ambayo ndiyo b_k. Tumepata a_n < b_k kwa n yoyote na k yoyote, bila hata kuonyesha kwamba b inashuka. Ukiweka k = 1 unapata 4. Ukiweka k = 5 unapata 2.985984. Mpaka wa juu haubadiliki na n kwa sababu k unaichagua wewe na kuiacha hapo. Lile kosa la mpaka unaotembea halina pa kuingilia.

Ukiziweka bega kwa bega

Swali la kwanza la kujiuliza ni unaruhusiwa kutumia nini. Kanuni ya Bernoulli unaweza kuithibitisha papo hapo kwa mstari mmoja, hata kwenye karatasi ya mtihani. Binomia ni pana zaidi lakini kila mwanafunzi wa kidato cha sita ameshaipata, na hakuna msahihishaji atakayekudai uithibitishe. Wastani ndio wenye mashaka. Kanuni yenyewe ni rahisi kutaja, ila uthibitisho wake kwa namba nyingi si wa mstari mmoja. Ule maarufu wa Cauchy wa mwaka 1821 unapanda kwanza kwa 2, 4, 8, 16 kisha unarudi nyuma kujaza zilizorukwa. Kama somo lako limeshaupita, njia ya wastani ni ya mistari michache na ni salama kuliko zote. Kama halijaupita, umeegemea kitu kizito kuliko unachokithibitisha, na msahihishaji mkali ana haki ya kuuliza.

Swali la pili ni unaondoka na nini. Hapa njia hazifanani hata kidogo.

Binomia inakupa daraja la kwenda kwenye 1 + 1 + 1/2! + 1/3! + …, na daraja hilo lina thamani kubwa kwa anayetaka kuihesabu e. Ukijumlisha mfululizo huo hadi 1/9! tu, unapata 2.7182815, desimali sita sahihi. Mfuatano a_n wenyewe ni mzito wa miguu: hata a_1000 ni kama 2.7169, desimali mbili tu. Upungufu wake ni karibu sawa na e kugawa kwa 2n, kwa hiyo kila desimali mpya inadai n iongezwe mara kumi. Kwa mtu anayekwenda kusoma mifululizo muhula ujao, au anayetaka baadaye kuthibitisha kwamba e si namba wiano, njia ya binomia ndiyo ya kuchagua ingawa ndiyo ndefu.

Bernoulli na wastani zinakupa kitu kingine, yaani uzio wa pande mbili. Kikomo kiko kati ya a_n na b_n kwa kila n, na upana wa uzio huo ni b_n − a_n = a_n/n, ambao ni chini ya 3/n. Kutoka hapo unajua kwamba b_n nayo inaelekea kikomo kile kile, na una kipimo cha kosa ulichokithibitisha mwenyewe. Kwa n = 1000 uzio ni kati ya 2.7169 na 2.7197. Haukupi desimali nyingi, lakini kila ulichopata una uhakika nacho.

Swali la tatu ni la kukosea, na hapa nina maoni thabiti. Kwenye binomia watu wengi hupotea katika kuandika vipande, na wakishapotea huficha upotevu wao kwa nukta tatu. Kwenye Bernoulli algebra ya uwiano ina mahali pamoja pagumu, pale pa kulinganisha vipeo, na anayekosea pale hupata kitu kisicho 1 mwishoni na hujua papo hapo kwamba amekosea. Ni sifa nzuri kwa uthibitisho kujitangaza ulipoharibika. Kwenye wastani kosa linalowezekana ni kuhesabu vibaya idadi ya namba, na hilo unalikagua kwa vidole: namba ngapi, jumla ngapi.

Kwa hiyo nikiulizwa na anayejiandaa kwa mtihani wa mwaka wa kwanza wa chuo, namwambia ashike Bernoulli, pande zote mbili, a_n na b_n, na asisahau kuandika b_n ≤ b_1. Inasimama yenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Akiwa na nafasi, ajue na ule ujanja wa wastani kwa ajili ya kujikagua. Anayefundisha namshauri aanze na binomia kwa n = 4 na n = 5 ubaoni, ili darasa lione mfuatano unavyopanda, ndipo aandike uthibitisho rasmi kwa njia nyingine.

Na anayesoma uchanganuzi kwa undani akumbuke kwamba hakuna kati ya njia hizi inayofaa kitu kama tungebaki kwenye namba wiano peke yake. Kila a_n ni namba wiano: 9/4, 64/27, 625/256. Inapanda, iko chini ya 3, hoja zote tulizofanya ni za namba wiano tupu. Lakini kikomo chake si namba wiano, jambo ambalo Euler alilithibitisha mwaka 1737. Kwa hiyo ndani ya namba wiano mfuatano huu unapanda, una mpaka, na hauna kikomo. Kinachomaliza kazi ni ile sifa ya namba halisi kwamba kila seti isiyo tupu yenye mpaka wa juu ina mpaka wa juu ulio mdogo kuliko yote. Theoremu tuliyoanza nayo ni sura nyingine ya sifa hiyo, na katika uthibitisho mzuri inatajwa kwa jina lake, haipitwi kimya.

Limebaki jambo la kompyuta, kwa sababu wengi hutaka kuhakiki kwa macho. Jaribu hii:

```python
for k in (5, 10, 12, 15, 16):
    n = 10**k
    print(k, (1 + 1/n)**n)
```

Kwa k = 5 utapata 2.718268, sawasawa. Kwa k = 10 utapata 2.71828205, ambayo tayari imeizidi e kidogo, na hilo haliwezekani kwa mfuatano unaoikaribia e kutoka chini. Kwa k = 12 inakuwa 2.7185. Kwa k = 15 inaruka hadi 3.035. Kwa k = 16 inaanguka hadi 1.0.

Mfuatano haujaharibika. Kompyuta inahifadhi namba zilizo juu kidogo ya 1 kwa hatua za 2^(−52), karibu 2.22 × 10^(−16). Kwa k = 15 inatakiwa kuhifadhi 1 + 10^(−15), na 10^(−15) ni hatua 4.5036 za aina hiyo. Inakadiria kuwa hatua 5, yaani kama 1.11 × 10^(−15) badala ya 1 × 10^(−15). Kosa hilo dogo linapandishwa kwa kipeo cha 10^15, na matokeo yanakuwa karibu e^1.1102, yaani 3.035. Kwa k = 16 kinachotakiwa ni hatua 0.45, kinakadiriwa kuwa 0, na 1 kwa kipeo chochote inabaki 1.

Namna ya kujua kwamba jibu la kikokotoo ni bovu, bila kujua lolote kuhusu jinsi kinavyohifadhi namba, tayari unayo. Ukisoma 3.035, linganisha na b_5. Kwa kuwa a_n < b_5 = 2.985984 kwa kila n, hakuna n inayoweza kutoa 3.035. Ukisoma 1.0, linganisha na a_1: mfuatano unaopanda ukianzia 2 haurudi kwenye 1.